Tumbo la asubuhi za shule: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa darasa la nne, Mwanza

Msichana wa miaka 9, darasa la nne, anaishi na mama na bibi yake katika mtaa usio mbali na ziwa. Analetwa kliniki ya watoto wiki ya kwanza baada ya likizo ya Juni. Tumbo limekuwa likimuuma tangu mwishoni mwa Januari, na katika miezi mitano amekosa shule siku 23. Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na visa vingi vinavyofanana, ili asitambulike mtoto yeyote, lakini hatua, vipimo na dozi ni zile zile zinazotumika.

Daftari lake la matibabu lina kurasa nne zilizojaa. Februari aliambiwa ana taifodi, akapewa antibiotiki siku saba. Machi ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Aprili taifodi tena. Mei, kipimo cha haraka cha damu kilionyesha mstari kwenye H. pylori, bakteria anayehusishwa na vidonda vya tumbo, akaanzishwa dawa za vidonda vya tumbo kwa siku 14, antibiotiki mbili kwa mpigo, akaharisha na maumivu yakazidi. Katikati ya hayo amekunywa dawa ya minyoo mara tatu, mara moja shuleni na mara mbili nyumbani. Mwisho ikafanyika ultrasaundi, karatasi ikaandika kwamba tezi za ndani ya tumbo zimevimba kidogo, milimita 6. Jirani akasema hiyo ni kifua kikuu cha tumbo. Bibi yeye anasema ni chango na ana mizizi yake.

Mama anaweka daftari mezani na kusema: "Daktari, mimi nataka kipimo kikubwa. Hivi vidogo vimeshindwa."

Ombi lake lina mantiki. Mtoto amepewa majina manne ya magonjwa, kila jina na dawa yake, na hakuna iliyomponya. Mzazi yeyote angeona kwamba ugonjwa wa kweli bado umejificha. Kosa halikuwa kwamba vipimo vilikuwa vidogo. Kila safari kilichukuliwa kipimo kabla mtu hajakaa na mtoto na kuuliza maumivu yanakuja lini, na kila jibu lililotoka likageuzwa kuwa ugonjwa.

Maswali yaliyokuwa hayajaulizwa

Dakika 40 za kwanza zinakwenda kwenye maelezo peke yake. Maumivu huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, akishaamshwa, au kwenye kibasi cha shule. Yako katikati, kuzunguka kitovu. Akiulizwa aonyeshe, anapitisha kiganja chote juu ya tumbo. Mtoto mwenye kidonda au uvimbe mahali fulani mara nyingi huweka kidole kimoja pale pale na kurudia hapo hapo. Yanakaa nusu saa hadi saa mbili, wakati mwingine na kichefuchefu, lakini hajatapika. Akibakizwa nyumbani, kufikia saa nne amepoa na anacheza. Usiku halali vibaya, na hajawahi kuamshwa na maumivu. Wiki tatu za likizo ya Juni hakulalamika hata mara moja.

Mwaka 1958 daktari wa watoto John Apley na mwenzake Nora Naish walichapisha uchunguzi wao wa watoto 1,000 wa shule katika eneo la Bristol, Uingereza, na kukuta kwamba takriban mmoja kati ya kumi ana maumivu ya tumbo ya kujirudia, yaani angalau mara tatu katika miezi mitatu na makali kiasi cha kumkatiza shughuli zake. Waliokutwa na ugonjwa wa kiungo walikuwa wachache sana. Apley aliacha kanuni ambayo hadi leo inasaidia chumbani: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa ugonjwa wa kiungo unavyoongezeka. Si sheria ya chuma, na haimwondolei mtoto haki ya kupapaswa tumbo, lakini inaelekeza pa kuangalia.

Kisha mama anaombwa akae nje kidogo, na mtoto anaulizwa mwenyewe. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyoleta habari nyingi zaidi. Haulizwi "una msongo wa mawazo?" kwa sababu mtoto wa miaka 9 hana namna ya kujibu swali hilo. Anaulizwa atembeze siku yake: ukiamka nani anakuamsha, unakula nini, unakaa wapi kwenye kibasi, nani unacheza naye, saa gani ya shule ni ndefu kuliko zote, choo cha shule kikoje. Anaulizwa pia, bila kuzunguka, kama kuna mtu mkubwa au mdogo anayempiga, anayemtisha au anayemgusa pasipofaa. Mtoto anayeumwa tumbo kila akielekea mahali fulani anaweza kuwa anaumizwa mahali hapo, na huwezi kuzungumzia hofu ya mitihani kabla hujajiridhisha juu ya hilo.

Kwa huyu jibu lilikuwa hapana. Lakini alisema mambo mawili. Januari alihamishwa kutoka shule ya Kiswahili kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kila Jumanne na Alhamisi asubuhi kuna jaribio la hesabu ambalo maksi zake husomwa kwa sauti darasani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Maswali ya hesabu anayaweza, ila hasomi haraka Kiingereza kilichoandikwa. La pili, choo cha wasichana hakina komeo, na wenzake husukuma mlango. Kwa hiyo haendi. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo na kurudi saa kumi na moja jioni, na muda wote huo anajizuia. Ili asibanwe, hanywi maji.

Mama hakujua hilo la choo. Alipoulizwa mtoto anapata haja kubwa mara ngapi, alijibu "kawaida", kama wazazi wengi wa watoto waliokwisha kuanza kwenda chooni wenyewe. Mtoto alisema kila baada ya siku tatu, na ni vigumu, kama mavi ya mbuzi.

Mwili unasema nini

Uzito kilo 27, urefu sentimita 132. Namba hizi peke yake zinasema kidogo. Kinachotakiwa ni mwendo. Kadi ya kliniki huishia miaka mitano, lakini daftari la matibabu huwa na uzito wa zamani kwa kuwa dozi za watoto hupigwa kwa kilo. Mwaka uliopita, mwezi kama huu, aliandikiwa kilo 24, na mama ana alama ya urefu mlangoni inayoonyesha ameongezeka sentimita 6. Mtoto wa umri huu huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka na kilo 2 hadi 3. Kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa wa kudumu wa kuvimba utumbo au tatizo la kusharabu chakula, likikaa miezi mitano na kumkosesha mtoto siku 23 za shule, mara nyingi lingekuwa limeshagusa uzito. Mstari huu mmoja wa ukuaji una thamani kuliko picha ya ultrasaundi aliyokuja nayo.

Macho hayana manjano, viganja na kope za ndani havijapauka. Ini na bandama havipapasiki, jambo ambalo Mwanza lazima litafutwe kwa makusudi kwa sababu ya kichocho cha tumbo, malaria na selimundu. Tumbo ni laini. Linabonyezwa kwanza kwa mkono, kisha kwa kifaa cha kusikilizia huku mtoto anaongea habari za mdogo wake, na mara ya pili hata hashtuki. Chini upande wa kushoto kuna mabonge yanayobonyea kwa kidole, ambayo ni kinyesi. Anaombwa aruke kwa mguu mmoja mara tano, anaruka huku anacheka. Mtoto mwenye kidole tumbo kilichowaka hakubali kuruka. Sehemu ya haja inatazamwa kwa nje tu, mama akiwepo: hakuna mchubuko wala jipu.

Vipimo: vipi, na kwa nini vinaishia hapo

Mtaalamu anasema kabla ya kuandika karatasi: "Mama, tutapima. Lakini nikwambie mapema ninachokitegemea. Naona tumbo lenye neva zilizochokozwa na choo kilichojaa, na nategemea vipimo vitoke safi. Vikitoka safi havitakuwa vimeshindwa, vitakuwa vimekubaliana na tulichokiona."

Mpangilio wa maneno haya una uzito kuliko unavyoonekana. Vipimo vikitangulia na maelezo yakafuata, mama atasikia "hatukuona kitu", na "hatukuona kitu" ni karibu sana na "anajifanya". Maelezo yakitangulia, karatasi safi inathibitisha jina ambalo limeshatolewa. Na jina lipo: maumivu ya tumbo ya kiutendaji, yaani kiungo kizima lakini mawasiliano kati ya utumbo na ubongo yamepotoka. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, vinavyotumika kimataifa kutambua maumivu ya aina hii, vinataka maumivu yawe angalau mara nne kwa mwezi, kwa miezi miwili au zaidi, na baada ya uchunguzi unaofaa yasielezeke kikamilifu kwa ugonjwa mwingine. Uchunguzi "unaofaa" maana yake si vipimo vyote vilivyopo hospitali.

Kwa mtoto huyu, mahali hapa, vimechaguliwa vinne. Picha kamili ya damu, kwa ajili ya hemoglobini na chembe zinazopanda kukiwa na vimelea. Mkojo. Kipimo cha haraka cha selimundu kwa tone la damu la kidoleni, kwa kuwa hajawahi kupimwa na Kanda ya Ziwa ugonjwa huu ni mwingi. Cha nne ni choo kikubwa, na si sampuli moja bali tatu za siku tofauti, kwa njia ya Kato-Katz, ambayo huhesabu mayai ya vimelea kwa hadubini. Huyu anacheza ufukweni. Kichocho cha tumbo huleta maumivu ya tumbo, na mayai yake hayatoki sawasawa kila siku, hivyo sampuli moja iliyo safi haitoshi kumwondoa. Kama yangeonekana, angepewa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo, ambayo kwa urefu wake ni vidonge viwili vya miligramu 600 baada ya kula, na maumivu yangeangaliwa upya mwezi mmoja baadaye. Mtoto anayekaa Pemba au Tanga angehitaji zaidi kipimo cha mkojo, kwa sababu kichocho cha huko hukaa kwenye kibofu. Mtoto wa Arusha mjini asiyeingia majini asingehitaji kufuatiliwa kichocho kwa sampuli tatu.

Kipimo cha malaria hakikuandikwa, kwani hana homa. Kile cha haraka kinaweza kubaki na mstari kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, hivyo kumpima mtoto asiye na homa kwa ajili ya tumbo ni kujitafutia jina la tano.

Majibu: hemoglobini 12.3, wakati kiwango cha chini kwa umri wa miaka 5 hadi 11 ni 11.5. Chembe nyingine sawa. Mkojo safi. Hana selimundu. Choo safi mara tatu.

Sasa yale ya zamani, kwa sababu mama hawezi kuyaacha mlangoni. Taifodi ilisomwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hutafuta kingamwili na si bakteria mwenyewe. Mtu akiwahi kuugua zamani, au akiwa na maambukizi mengine, kinaweza kupanda. Katika maeneo ambako taifodi ipo, watu wazima wenye afya hukutwa nacho juu. Taifodi ya kweli ni homa inayokaa siku nyingi, si tumbo linalopona saa nne asubuhi, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Kipimo cha damu cha H. pylori nacho hutafuta kingamwili. Bakteria huyo yumo kwa watu wengi sana katika eneo letu bila kuwadhuru, na mstari ule unaweza kubaki hata akishaondoka. Miongozo ya watoto haishauri kumtafuta bakteria huyo kwa mtoto mwenye maumivu ya kiutendaji. Akitafutwa kwa sababu nzuri, ni kwa kamera ya tumboni. Tezi za milimita 6 ni za kawaida kwa mtoto wa shule, na ultrasaundi huziona kwa watoto wasioumwa chochote. Kifua kikuu kingetafutwa kama angekuwa anapungua, ana homa za jioni, tumbo linajaa maji, au kuna mtu nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki mbili. Mama aliulizwa moja moja, na yote hayapo.

Mizizi ya bibi iliulizwa kwa heshima, na bibi mwenyewe alikuja safari ya pili kuieleza. Ni ya kuharisha. Akaelezwa kwamba dawa ya kuharisha kwa nguvu huufanya utumbo ubane ghafla na kuuma zaidi, akakubali kuiweka kando kwa miezi mitatu ya matibabu. Angebezwa, angeendelea kuitoa kimya kimya.

Kwa nini linauma kweli

Mtoto ndiye aliyeelezwa kwanza, mama akisikiliza. Utumbo una neva zake nyingi zinazozungumza na ubongo wakati wote. Mlinzi aliyewahi kuvamiwa na mwizi usiku hupuliza filimbi kila paka akipita. Neva za tumbo lako nazo ziko hivyo. Kuna siku ziliona mwizi wa kweli, labda kuhara kulikokupata Januari, na tangu hapo zinapuliza filimbi hata kwa paka. Filimbi ni ya kweli, unaisikia, inauma. Mwizi ndiye hayupo.

Alfajiri ndipo paka wanapopita wengi. Binadamu akiamka na kula, utumbo mpana hubana kwa asili ili kusukuma choo. Kwa huyu umejaa choo kigumu cha siku tatu, hivyo unabana juu ya mzigo na kutanuka. Hapo hapo hofu ya jaribio inauchochea zaidi. Mtu mzima anajua tumbo la asubuhi ya usaili wa kazi. Mtoto hajui hofu ikoje mwilini, anajua kwamba tumbo linauma.

Shajara ya siku 14

Kabla ya kuanza tiba, mama alipewa kazi ya kuandika kwenye daftari la kurasa chache: saa, mahali, ukali kwa vidole kumi, alikula nini, alipata choo au la, na siku hiyo kulikuwa na nini. Aliandika jioni mara moja, akimuuliza mtoto kwa dakika mbili. Kuandika kila saa humfanya mtoto aishi akisikiliza tumbo lake.

Katika siku kumi za shule, aliumwa siku nane. Jumanne na Alhamisi zote nne zilikuwa vidole saba au nane. Nyingine nne zilikuwa tatu au nne. Jumamosi hakuna. Jumapili moja jioni, vidole viwili, baada ya kupanga begi. Mama aliusoma ukurasa huo mwenyewe na kunyamaza muda mrefu.

Tahadhari moja hapa. Maumivu yanayofuata ratiba ya shule yanaunga mkono utambuzi huu lakini hayauthibitishi peke yake. Mtoto anayepewa maziwa kila asubuhi ya shule tu, akiwa hayawezi, angetoa ukurasa unaofanana. Ndiyo maana safu ya chakula imo kwenye daftari.

Tiba ilivyopangwa

Choo kilitangulia, kwa kuwa hapo matokeo huonekana haraka. Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 10 asubuhi na 10 jioni, kwa wiki nane, kisha inapunguzwa polepole. Kuiacha choo kikilainika wiki ya pili ndilo kosa la kawaida. Utumbo uliotanuka miezi mitano hauwezi kusinyaa kwa siku kumi, na choo kigumu hurudi. Anaamshwa dakika 20 mapema, anakunywa uji, kisha anakwenda chooni na kukaa dakika kumi, apate asipate, kwa sababu saa hiyo utumbo unabana wenyewe. Nyumbani kuna choo cha kukalia, hivyo aliwekewa kibao chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Chupa ya maji ya mililita 700 irudi tupu jioni, na vikombe vitatu nyumbani. Maharage, viazi vitamu na papai vilikuwepo tayari, ila alikuwa anavikwepa akiwa amejaa.

Maji hayo yasingenywewa bila komeo. Mama alikwenda shuleni na barua fupi ya kliniki yenye maombi manne: komeo la choo, ruhusa ya kutoka darasani bila kunyoosha mkono mbele ya wote, maksi zigawiwe kwa karatasi badala ya kusomwa, na utaratibu wa tumbo likiuma. Kiwango cha serikali Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijafikia, lakini komeo ni kazi ya fundi ya nusu saa. Mwalimu wa darasa alikubali yote. Kuhusu maksi alisema hakuwa amefikiri kwamba kuna anayeumia.

Utaratibu wa shuleni uliandikwa wazi. Likiuma, anakwenda kwa mwalimu wa zamu, analala robo saa, anarudi darasani hata kama halijaisha. Nyumbani hapigiwi simu isipokuwa ametapika, ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, hawezi kutembea amenyooka, au kuna damu kwenye choo. Kurudi nyumbani kila likiuma hutuliza hofu ya siku hiyo, na ule unafuu ndio unaoufundisha mwili kupuliza filimbi kesho. Kwa hiyo shule ni kila siku, siku nzima, tangu Jumatatu. Kusubiri apone ndipo arudi ni kugeuza mpangilio, kwa sababu kurudi ni sehemu ya dawa.

Sehemu iliyomgharimu mama zaidi ilikuwa kuacha kuuliza. Kila asubuhi alikuwa anasema, "Mwanangu, tumbo vipi leo?" Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwanywesha watoto maji mengi mpaka tumbo likajaa, kisha baadhi ya wazazi wakaambiwa watilie maanani malalamiko, wengine wageuzie mazungumzo kwenye mambo mengine. Watoto waliotiliwa maanani walilalamika karibu mara mbili zaidi. Na watoto wenye maumivu ya kujirudia walisema kugeuziwa mazungumzo kuliwasaidia, wakati wazazi wao waliogopa kwamba kungewadhuru. Hii haina maana ya kumpuuza. Akilalamika, mama anasema mara moja, "Najua linauma, mwanangu. Pumua kama tulivyojifunza, kisha tufunge viatu," na mazungumzo yanahamia kwenye viatu.

Kupumua kwenyewe: mkono juu ya kitovu, hewa inaingia kwa hesabu ya nne mpaka mkono unyanyuke, inatoka kwa hesabu ya sita, mara kumi. Inafanywa asubuhi na usiku kila siku, hata siku isiyo na maumivu. Mtoto anayeijaribu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye vidole nane haimfai kitu.

Dawa za maumivu hazikuandikwa. Panado inaruhusiwa mara moja moja, lakini diklofenaki na aspirini ziliondolewa kabatini, kwani huchoma tumbo, na aspirini haifai watoto hata kwa sababu nyingine.

Wiki zilizofuata

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko kabla. Alilia kwenye kibasi mara tatu, na siku moja mama alipanda naye hadi getini. Alikuwa ameshaambiwa itakuwa hivyo, na nadhani bila kuambiwa angekata tamaa siku ya nne. Laktulosi ilimletea gesi, ambayo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, na ilipungua.

Wiki ya nne choo kilikuwa laini karibu kila siku. Siku za maumivu katika wiki mbili zilishuka kutoka tisa hadi tano. Hizo tano zilikuwa na maana: choo kimefunguka na bado linauma asubuhi za jaribio, kwa hiyo kufunga choo kulikuwa sehemu ya tatizo na si lote. Kama maumivu yangeisha kabisa, jina sahihi lingekuwa kufunga choo peke yake. Mwalimu wa hesabu akaanza kumpa dakika tano kabla ya jaribio kumsomea maneno magumu. Wiki ya nane zilikuwa siku mbili. Tangu mpango uanze alikuwa amekosa shule siku moja tu, kwa mafua.

Kila safari kliniki alipimwa uzito, na mama aliulizwa upya maswali yale yale, kwa sababu utambuzi huu hauna kipimo cha kuufunga milele. Angerudishwa maabara, na safari hii bila kusita, kama angeanza kuamka usiku kwa maumivu, kama maumivu yangehama kitovuni na kukaa upande mmoja, kama uzito ungeshuka au urefu kusimama, kama kungekuwa na kuhara kwa usiku, damu kwenye choo, homa isiyoeleweka, viungo kuvimba, kumeza kwa shida au kutapika kwa kujirudia. Matatu yalikuwa ya hospitali siku hiyo hiyo: matapishi ya kijani, tumbo gumu kama ubao, na maumivu yaliyoanza kitovuni yakashuka kulia chini huku mtoto hataki kuruka. Mtoto mwenye tumbo la kiutendaji anaweza kupata kidole tumbo kama mtoto mwingine yeyote, na hatari kwake ni kwamba watu wameshamzoea.

Oktoba, wiki mbili kabla ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, tumbo lilirudi, vidole sita, asubuhi nne mfululizo. Mama alimleta. Uzito kilo 28.1. Alionyesha kwa kiganja, kitovuni, akaruka mara tano. Choo kilikuwa kimeanza kukauka kwa sababu laktulosi iliishia Septemba na dakika kumi za asubuhi zilikuwa zimeachwa kwa ajili ya kujisomea. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Dakika kumi zilirudishwa, laktulosi mililita 10 jioni hadi upimaji uishe, na mtoto alirudi shuleni mchana ule ule.